Kapcha inarudi kila ninapoithibitisha: simu inapita, kompyuta ya dukani haipiti

Steshenari ya Kona

Wakuu, habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, na sehemu kubwa ya wateja wangu ni watu wanaokuja kujaziwa fomu za maombi mtandaoni. Tangu Jumatatu asubuhi kuna tovuti moja ninayoitumia kila siku ambayo haifunguki katika kompyuta ya dukani. Kabla ya ukurasa wa kuingia huja ukurasa mweupe ulioandikwa `Verify you are human`, ninaweka tiki, kijiduara kinazunguka kidogo, kisha ukurasa unajipakia upya na kunirudisha pale pale. Jana nilirudia mara 14 mteja akiwa amekaa kando yangu, nikaona aibu nikamwambia aje kesho.

Nimefuta historia na vidakuzi vyote, nimezima ruta na kuiwasha, nimejaribu vivinjari viwili. Kingine cha kushangaza ni kwamba wakati mwingine kisanduku cha kuweka tiki hakitokei kabisa. Simu yangu ikiwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo ya dukani inapita mara moja bila shida. Naomba msaada.

Mzee wa Bando

Hiyo ni VPN, dada, usijisumbue kutafuta mbali. Anwani moja ya VPN hutumiwa na mamia ya watu kwa wakati mmoja, wakiwemo wenye roboti, kwa hiyo tovuti inaiona anwani hiyo na kukataa kuiamini. Zima VPN na utapita. Nimekwisha kuwasaidia watu watatu kwa njia hiyo.

Steshenari ya Kona

Asante, mzee wangu, lakini sijawahi kuweka VPN katika kompyuta hii. Na kama anwani ingekuwa na tatizo, je, simu isingekataliwa pia, maana zote zinatumia ruta moja?

Mzee wa Bando

Si lazima. VPN mara nyingi huwekwa ndani ya kifaa, si lazima ndani ya ruta. Simu inaweza kutoka moja kwa moja huku kompyuta ikipita kwingine, na kuna viendelezi vya kivinjari ambavyo ni VPN kwa jina jingine. Kompyuta ya dukani hushikwa na watu wengi. Kagua kwanza kabla ya kusema haipo.

Mwalimu wa Pwani

Mimi pia nilisumbuliwa na jambo hili kwenye tarakilishi ya shuleni mwaka jana, nikagundua kwamba kosa lilikuwa langu. Unapoambiwa uchague picha zenye taa za barabarani, ni lazima uchague hata kile kipande kidogo cha mlingoti kinachoingia katika mraba wa pembeni. Nilikuwa nakiacha, na kila mara nililetewa picha nyingine. Jaribu kuchagua kwa utulivu, bila haraka.

Kebo na Koleo

Mwalimu, nadhani dada hajaonyeshwa picha zozote. Yake ni ile ya tiki moja, ambayo haikuulizi swali kwa macho, bali hukipima kivinjari chenyewe kimyakimya. Ya picha ina sababu zake.

Dada, na Mzee pia, naomba tutenganishe mambo mawili kabla ya kutaja mkosaji, kwa sababu kapcha inayojirudia hugeukia katika moja ya sehemu mbili, na kila sehemu ina sababu zake. Kwanza kabisa kivinjari hupakua skripti kutoka `challenges.cloudflare.com`, yaani kwa Cloudflare, kampuni inayoilinda tovuti hiyo dhidi ya roboti, skripti hiyo hufanya majaribio yake, na matokeo hutumwa kwa seva. Hapo ndipo tiki ya kijani hutokea. Baada ya hapo tovuti hukupa kibali, yaani kidakuzi kinachoitwa `cf_clearance`, na ukurasa hujipakia upya ili safari hii uingie ukiwa na kibali mkononi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza ni hili: je, unaiona tiki ya kijani kabla ya kurudishwa, au unarudishwa bila kuiona? Ukiiona, maana yake mtihani umefaulu lakini kibali kimepotea njiani, na tutatafuta vidakuzi vilivyozuiwa au anwani inayobadilika. Usipoiona, maana yake mtihani wenyewe haujakamilika, na hapo tutatafuta skripti iliyozuiwa au saa ya kompyuta.

Pia umesema kisanduku wakati mwingine hakitokei. Nina hakika kwamba hakibadiliki ovyo. Hebu angalia kama si kivinjari kimoja kinachokionyesha na kingine kinachokificha.

Steshenari ya Kona

Kaka, umesema kweli. Kwenye kivinjari ninachokitumia siku zote kisanduku hakitokei hata mara moja. Kwenye kile cha pili, ambacho huwa sikitumii, kinatokea, lakini tiki ya kijani sijaiona hata siku moja. Kijiduara kinazunguka tu na ukurasa unarudi. Kuhusu saa, nimeitazama sasa hivi kwenye kona ya skrini na iko sawa kabisa.

Kebo na Koleo

Vizuri. Basi inawezekana una matatizo mawili, la kwanza likiwa limelifunika la pili. Tuanze na kivinjari cha kila siku. Fungua ukurasa ule mweupe, usome maandishi yote madogo yaliyo chini, kisha bonyeza F12, uingie sehemu iliyoandikwa `Console` na uniambie mistari myekundu inasemaje.

Steshenari ya Kona

Maandishi madogo yanasema `Please unblock challenges.cloudflare.com to proceed.` Nakiri sikuwahi kuyasoma. Kwenye `Console` kuna mstari mwekundu unaoishia na `net::ERR_BLOCKED_BY_CLIENT`.

Kebo na Koleo

Hiyo `CLIENT` ni kompyuta yako mwenyewe. Mtandao haujakuzuia na tovuti haijakukataa. Ni kitu kilichomo ndani ya kivinjari chako kilichoizuia skripti isitoke kwenda kuchukuliwa. Una kizuia matangazo?

Steshenari ya Kona

Kipo. Mdogo wangu alikiweka likizo iliyopita kwa sababu matangazo yalikuwa yanamaliza bando. Nakumbuka alisema amekikaza ili kizuie kila kitu kinachotoka nje ya tovuti husika.

Kebo na Koleo

Hapo ndipo penyewe. Kizuia matangazo kikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, kwa uzoefu wangu ni nadra kigombane na kapcha. Kikikazwa hadi kizuie skripti na fremu zote za nje, kapcha haina pa kupita, kwa sababu yenyewe kwa maumbile yake hutoka nje ya tovuti unayoitembelea. Huna haja ya kukiondoa. Kiruhusu `challenges.cloudflare.com` peke yake, skripti na fremu zote mbili, kwa maana ukiruhusu skripti ukasahau fremu, utabaki na nafasi tupu pale ambapo kisanduku kinatakiwa kukaa. Kisha pakia upya utuambie.

Ruta Mbili

Naomba nidakie kidogo na kisa changu, kwa kuwa kinafanana. Ninasimamia mtandao wa shule moja Arusha. Tuna laini mbili za intaneti kutoka kampuni tofauti, na ruta inagawa mzigo kati yake. Walimu wanaweka tiki, wanaiona ya kijani vizuri kabisa, kisha wanarudishwa mwanzo. Si kila mara. Labda mara tatu kati ya tano. Hakuna VPN, hakuna kizuia matangazo.

Kebo na Koleo

Ruta Mbili, wewe uko kwenye sehemu ya pili. Kibali hutolewa kwa kifaa kinachoonekana kwa namna fulani, na anwani ya IP ni sehemu ya namna hiyo. Mwalimu anafanya mtihani akitokea laini ya kwanza, ruta inalituma ombi linalofuata kupitia laini ya pili, na seva inaona kibali cha mtu mmoja kikiwa mkononi mwa mtu mwingine. Tafuta katika ruta mpangilio wa kumfungia kila mtumiaji laini moja kwa muda fulani. Kwa kawaida kibali chenyewe hudumu nusu saa, ingawa mwenye tovuti anaweza kubadilisha, kwa hiyo ufunge kwa muda usiopungua huo.

Na hapa ndipo maneno ya Mzee wa Bando yana uzito wake. VPN inayobadilisha njia katikati ya safari huleta mzunguko wa namna hii hii. VPN iliyotulia huleta zaidi mtihani mgumu au wa mara kwa mara, jambo ambalo linaudhi lakini si mzunguko usio na mwisho.

Mzee wa Bando

Nimekubali nusu. Bado sijaona ushahidi kwamba kompyuta ya dada haina VPN.

Steshenari ya Kona

Nimerudi. Nimeruhusu skripti na fremu kama ulivyoelekeza. Sasa kisanduku kinatokea kwenye kivinjari cha kila siku pia, lakini kinafanya kama kile cha pili: kinazunguka, hakitoi tiki, kinarudi. Kwenye `Console` sasa kuna mstari mpya wenye namba 200100.

Tab Ishirini

Namba hiyo ninaijua! Inahusu kumbukumbu ya muda ya kivinjari, yaani kapcha ya zamani iliyohifadhiwa njiani ikaletwa kama mpya. Futa kila kitu kilichohifadhiwa, uwashe upya.

Kebo na Koleo

Umeikumbuka nusu, Tab. 200100 ina maana mbili: ama kapcha imehifadhiwa njiani, ama saa ya kifaa si sahihi. Dada amefuta kila kitu na vivinjari viwili vinafanya vilevile, basi ninaegemea kwenye saa, hata kama amesema iko sawa.

Tumalize ubishi wote kwa ukurasa mmoja. Tovuti yoyote iliyo nyuma ya Cloudflare ina ukurasa mdogo wa maandishi matupu. Andika jina la tovuti yako, kisha mbele yake uongeze:

```
/cdn-cgi/trace
```

Utaona mistari mifupi. Tunayoihitaji ni `ip`, yaani anwani unayoonekana nayo, na `ts`, yaani muda wa seva kwa sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1970. Fanya hivyo kwenye simu na kwenye kompyuta, ulinganishe `ip`. Usituwekee hapa, tuambie tu kama zinafanana. Kisha kwenye kompyuta, ukiwa ukurasa huo huo, fungua `Console` uandike:

```
Date.now()/1000
```

Hiyo ni hesabu ile ile ya sekunde, ila kwa saa ya kompyuta yako. Tuletee namba mbili hizo.

Steshenari ya Kona

Anwani ya simu na ya kompyuta zinafanana tarakimu kwa tarakimu. Namba nilizopata ni hizi:

```
ts=1749627612.318
1749606038.9
```

Mzee wa Bando

Anwani zikifanana basi VPN haipo. Nimeridhika, ninaondoa neno langu.

Kebo na Koleo

Dada, toa namba ya pili kwenye ya kwanza. Unapata sekunde 21,573 na ushee. Ongeza nusu dakika hivi uliyotumia kufungua `Console` na kuandika, unafika 21,600. Gawanya kwa 3,600, unapata saa sita kamili. Kompyuta yako iko nyuma kwa saa sita.

Sasa nieleze: uliposema saa iko sawa, uliiona ikisoma ngapi?

Steshenari ya Kona

Ilisoma 4:20. Na ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi kweli, hata saa ya ukutani ilisema hivyo…

Loo. Nimeelewa.

Tab Ishirini

Mimi sijaelewa.

Steshenari ya Kona

Kompyuta ilitakiwa isome 10:20. Imesoma 4:20 kwa sababu mtu ameiweka kwa Kiswahili, na mimi nikaisoma kwa Kiswahili, nikaona haina kosa. Pembeni pameandikwa AM, na saa kumi alfajiri huwa nimelala, lakini jicho halikufika huko. Baba hukaa dukani Jumapili nikiwa kanisani. Nimempigia, amekubali mara moja: alichoka kujumlisha sita kila anapotaka kujua saa, akaingia kwenye mipangilio akairekebisha.

Mwalimu wa Pwani

Nimecheka hadi wanafunzi wamegeuka kuniangalia. Hata hivyo nina swali la dhati: kama saa ilikuwa mbaya kiasi hicho, mbona tovuti nyingine zote zilifunguka? Mimi nilifunzwa kwamba saa ikikosewa, kivinjari huleta onyo la usalama na hakifungui chochote.

Kebo na Koleo

Ulifunzwa vyema, Mwalimu, ila onyo hilo hutoka pale saa inapokosewa kwa siku nyingi. Kivinjari hulinganisha tarehe ya kompyuta na muda ulioandikwa katika cheti cha tovuti, na muda huo huwa wa wiki au miezi. Saa sita ni kidogo mno kuvuka mpaka huo, isipokuwa cheti kiwe kimetolewa leo. Betri ya CMOS ikifa, kompyuta hurudi miaka nyuma, na hapo kila kitu hulalamika, kwa hiyo mtu hulitambua tatizo upesi. Muda wa kapcha unahesabiwa kwa dakika. Tiki ya aina hii, hata ikifaulu, hukaa sekunde 300 tu kabla ya kuisha nguvu. Ndiyo maana kosa la saa chache ni baya kuliko la miaka: linaacha kila kitu kikifanya kazi, kasoro kitu kimoja.

Linuksi ya Jioni

Ninathibitisha kutokana na maisha yangu mwenyewe. Kompyuta yangu ina Windows na Linux. Kila nikitoka Linux kuingia Windows, saa huwa nyuma kwa saa tatu kamili, kwa kuwa Linux huandika muda wa UTC katika saa ya mashine na Windows huudhani ni muda wa hapa, ambao uko mbele kwa saa tatu. Nilihangaika na kapcha wiki nzima nikiulaumu mtandao wa simu. Niliondokana nayo kwa amri moja upande wa Linux:

```
timedatectl set-local-rtc 1
```

Linux yenyewe hulalamika kidogo ukifanya hivyo, lakini kwangu imetulia. Mtu akitoa zile namba mbili na kupata karibu 10,800 badala ya 21,600, aangalie huku.

Steshenari ya Kona

Nimeingia `Settings`, `Time & language`, `Date & time`, nikawasha `Set time automatically` na kubonyeza `Sync now`. Saa imeruka hadi 11:05. Nimefungua tovuti, tiki ya kijani imetokea kabla hata sijahesabu tatu, na ukurasa wa kuingia umefunguka. Kivinjari cha pili pia kimepita. Mteja wa jana nimempigia.

Kuna jambo moja dogo. Ndani ya fomu yenyewe, mwishoni, kuna kapcha nyingine ya picha. Leo imenikataa mara moja nilipotuma, kisha ikakubali nilipoirudia. Je, bado kuna tatizo?

Mwalimu wa Pwani

Kumbe picha zipo! Mlingoti, dada. Usisahau mlingoti.

Kebo na Koleo

Uliweka tiki lini, mwanzo wa kujaza au mwisho?

Steshenari ya Kona

Mwanzo. Niliona ipo nikaimaliza kwanza, kisha nikaanza kumuuliza mteja majina ya wazazi na namba za vyeti.

Kebo na Koleo

Basi iliisha muda. Kama ni reCAPTCHA, tiki yake hudumu dakika mbili tu. Iache hadi uwe umemaliza kila kitu, uiweke tiki, utume papo hapo.

Ruta Mbili

Nami nilete matokeo. Nimewafungia watumiaji laini moja kwa dakika 60. Walimu wengi sasa wanapita mara ya kwanza. Hata hivyo kuna kompyuta mbili ambazo bado zinarudishwa baada ya tiki ya kijani. Nimeangalia `ip` kwenye ule ukurasa mara kumi mfululizo na haibadiliki, na tofauti ya saa haifiki sekunde mbili.

Kebo na Koleo

Linganisha mstari wa `uag` na kompyuta nyingine za aina hiyo hiyo. Kuna viendelezi vinavyobadilisha jinsi kivinjari kinavyojitambulisha, na kikijitambulisha kwa jina moja huku tabia yake ikiwa ya kivinjari kingine, hakiaminiki. Angalia pia kama kidakuzi `cf_clearance` kinabaki baada ya ukurasa kujipakia, au kinafutwa.

Ruta Mbili

`uag` zinafanana. Kidakuzi kipo, nakiona. Na bado.

Kebo na Koleo

Hapo umenishika. Tengeneza wasifu mpya wa kivinjari katika moja ya hizo mbili, bila kiendelezi chochote, uiache nyingine kama ilivyo, kisha utuambie kesho.

Steshenari ya Kona

Wakuu, nina ombi la mwisho. Baba amekasirika kidogo kwamba nimeirudisha saa ya Kizungu. Anasema duka ni lake. Je, ipo njia ya kumwachia saa yake bila kuharibu kapcha?

Linuksi ya Jioni

Ipo. Alichokosea ni kusogeza saa yenyewe. Angebadilisha ukanda wa saa, akachagua ulio UTC-03:00, skrini ingesoma saa za Kiswahili huku hesabu ya sekunde ndani ikibaki sahihi. Hapa tuko UTC+3, na kutoka huko hadi UTC-3 ni saa sita hasa.

Tab Ishirini

Lakini si tovuti itaona kompyuta inadai iko Brazili huku anwani yake ni ya Tanzania? Hilo halileti mashaka?

Kebo na Koleo

Linaweza kuleta, linaweza lisilete. Nisingependa kulijaribu kwenye mashine ya biashara. Bora zaidi, kwenye Windows kuna kitu kinaitwa `Additional clocks`. Iache saa kuu ilivyo, ongeza ya pili yenye ukanda wa UTC-03:00, uipe jina lolote unalotaka. Mzee akisogeza kishale juu ya saa iliyo kwenye kona, ataziona zote.

Steshenari ya Kona

Nimeiweka na kuiita "Saa ya Baba". Ameitazama, akauliza kwa nini ajisumbue kushika kipanya ili ajue saa, kisha akatoka kwenda kununua betri ya ile ya ukutani, ambayo ilikuwa inachelewa.